Kiapo cha ndoa ya pili: usiwaahidi watoto baba mpya

Mgane wa miaka 63 aliniletea rasimu ya kiapo chake ili niipitie. Mchumba wake ni mjane wa miaka 57. Kwa pamoja wana watoto watano, wote watu wazima wenye nyumba zao. Alianza vizuri, ila mstari wa nne ulisema: “Kuanzia leo mimi ni baba wa watoto wako.” Nilimwomba aufute huo kabla ya yote.

Mtu wa miaka 30 halelewi upya, na bado anamkumbuka baba yake. Kiapo kinawafunga wawili wanaokitamka, kwa hiyo kiahidi kile tu ambacho msemaji anaweza kukitenda mwenyewe. Tulikaa kama saa nzima, akaandika hivi: “Watoto wako hawatakuwa wageni kwetu. Na wakitaka kuzungumza na mama yao peke yake, nitatoka kwenda kumwagilia maua, hata kama ni masika.” Hapo pana heshima kwa watoto, na kicheko kisichomuumiza mtu.

Waliotangulia nao watajwe, mara moja tu na bila kulinganisha. Ukisema “wewe umenipa furaha ambayo sijawahi kuipata”, watoto wako wanasikia kwamba mama yao hakukupa kitu. Bibi harusi alilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: “Picha ya mama watoto itabaki sebuleni, na vumbi lake nitalifuta mimi.”

Utani uelekee kwa anayeusema. Bwana alikiri kwamba anakoroma, akaahidi kuacha kubisha. Bibi aliahidi kumkumbusha dawa ya presha mara moja tu kila asubuhi, “na mara ya pili nitakohoa.” Habari za viwanja na urithi zizungumzwe mapema nyumbani, watoto wakiwapo, kwa sababu ndani ya kiapo zinawafanya watu waanze kupiga hesabu.

Maneno ya agano kanisani yamo katika liturujia, hivyo muulizeni mchungaji au padri mapema kama kuna nafasi ya maneno yenu. Ikikosekana, yasemeni ukumbini kabla ya chakula. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na siku hizo zinatosha kabisa kuandika. Dakika moja na nusu kwa kila mmoja yatosha.

Wiki ya mwisho, kila mmoja amsomee mtoto wake mmoja kiapo chake kwa sauti. Akiinamisha kichwa kwenye mstari fulani, usimbishie, muulize. Binti wa yule mgane aliinama kwenye neno “maisha mapya”. Baba yake alilikata kwa kalamu palepale, akaandika juu yake: “miaka iliyobaki.” Binti akamwambia, “Sawa, baba. Endelea kusoma.”