Kigaga Cheusi Palipoumwa na Kupe

Mchungaji wa ng'ombe afikapo zahanati akiwa na homa, maumivu ya kichwa na shingo, hupimwa kwanza malaria. Asipokutwa nayo, mwili wake wote ukaguliwe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kichwani. Kidonda kidogo kisichouma sana, chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe mdogo pembeni, huelekeza kwenye homa ya kupe ya Kiafrika.

Weusi huo si uchafu wala usaha uliokauka. Kupe anaponyonya damu huingiza bakteria waitwao riketsia, ambao hushambulia kuta za mishipa midogo ya damu. Damu huzuilika na ngozi ya mahali hapo hufa. Homa huanza kwa kawaida siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa. Vigaga vyaweza kuwa viwili au zaidi, na mitoki ya karibu huvimba. Vipele huwatokea baadhi ya wagonjwa tu. Kwa hiyo kukosekana kwake hakuondoi ugonjwa.

Kipimo cha kingamwili katika wiki ya kwanza mara nyingi hakionyeshi kitu, hivyo tiba isikisubiri. Mtu mzima hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hivi. Mjamzito huchaguliwa dawa nyingine na daktari. Amoksilini haifai, kwa kuwa bakteria hawa huishi ndani ya seli. Homa isiyopungua baada ya siku 3 za tiba yadai uchunguzi upya.