Asilimia 3.5 kwenye Karatasi

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 6, na kilichoninyima usingizi si kwenda kudai. Ni kikokotoo. Mama muuza maandazi anakopa 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa taasisi kama yetu. Riba ni 21,000 kila mwezi, rejesho 121,000. Kila kitu kiko sawa kisheria, ungesema. Ila riba hiyo inapigwa kwenye laki sita zote hadi mwezi wa mwisho, wakati mama kabakiwa na deni la laki moja tu. Tena kabla ya kushika fedha alishakatwa 60,000 za fomu, bima na uchakataji, akaondoka na 540,000. Ukipiga hesabu kwa salio linalopungua, mkopo huo unamgharimu zaidi ya asilimia 9 kwa mwezi.

Siku moja nilimwandikia mteja hesabu hizo nyuma ya kitabu chake cha marejesho. Akaziangalia kwa muda, akauliza, “Sasa hiyo tatu na nusu ni ya nini, mwanangu?” Halafu akasaini. Unga ulikuwa umemwishia, na benki isingemkopesha bila hati ya nyumba.

Ndiyo maana sikuacha kazi siku ile. Ningeondoka, dawati langu lingekaliwa na kijana asiyeandika chochote nyuma ya kitabu. Kueleza gharama kabla ya saini kulikuwa ndani ya uwezo wangu, na hata kumkopesha mtu 300,000 badala ya 600,000 alizoomba pale biashara yake isipobeba zaidi. Kamisheni yangu ilishuka. Meneja alinuna, akavumilia. Kiwango cha riba na makato hayakuwa mikononi mwangu. Niliandika barua mbili kuhusu makato, zikaishia kwenye faili.

Kilichonitoa ni kitu kidogo kuliko riba. Mkopo ukipitisha siku 30 bila rejesho huhesabiwa kuwa uko hatarini, na tawi hupimwa kwa asilimia ya mikopo ya namna hiyo. Dawa ya ofisini ikawa kumpa aliyeshindwa mkopo mpya, unaolipa ule wa zamani, na makato yanaanza upya. Mteja haoni hata shilingi mkononi, deni linakua, ripoti inang’aa. Ukitaka kuligundua hilo, linganisha tarehe: mkopo wa zamani umefungwa na mpya umefunguliwa siku moja, bila fedha kutoka.

Nililetewa fomu ya namna hiyo, sababu ya mkopo ikisomeka “kukuza mtaji”, wakati mwenye mtaji alikuwa amelazwa. Hapo palihitajika sahihi yangu chini ya uongo, na hakuna maelezo nyuma ya kitabu yangeusawazisha. Niliirudisha tupu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nakabidhi faili za wateja, kila kitabu na salio lake halisi limeandikwa kwa kalamu.