Asilimia Kubwa, Faida Ndogo: Vipimo Viwili vya Vitengo vya Kampuni

Kampuni iliyogawanyika katika vitengo, kila kimoja kikiwa na meneja aliyekabidhiwa mtaji na kuachiwa uamuzi wa namna ya kuutumia, haiwezi kuvipima vitengo hivyo kwa faida peke yake, kwa kuwa kitengo kilichopewa mtaji mwingi kinatarajiwa kuleta faida nyingi. Kwa sababu hiyo kampuni ya Du Pont ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ilijenga usimamizi wake juu ya uwiano wa faida kwa mtaji, yaani faida ya kitengo ikigawanywa kwa mtaji kinaoutumia na kuandikwa kwa asilimia. Na Donaldson Brown, aliyeuendeleza uwiano huo hapo, aliupeleka General Motors katika miaka ya 1920. Kipimo cha pili, ambacho General Electric ilikitumia katika miaka ya 1950, ni faida baki: fedha inayosalia baada ya faida ya kitengo kuondolewa gharama ya mtaji, yaani kiasi ambacho wenye hisa na wakopeshaji wangekipata kama fedha yao ingewekwa kwenye shughuli nyingine yenye hatari inayolingana.

Ichukuliwe kampuni ya kubuni yenye kitengo cha usafirishaji na kitengo cha kusaga unga. Usafirishaji unatumia mtaji wa shilingi milioni 1,000 na kupata faida ya milioni 250, ambayo ni asilimia 25. Kinu kinatumia milioni 5,000 na kupata milioni 900, ambayo ni asilimia 18. Kwa uwiano, usafirishaji unaongoza bila ubishi. Lakini gharama ya mtaji ikiwa asilimia 12, usafirishaji unadaiwa milioni 120 na kubakiwa na milioni 130, ilhali kinu kinadaiwa milioni 600 na kubakiwa na milioni 300, kwa hiyo nafasi zinageuka.

Hakuna hesabu iliyokosewa hapo, na chanzo cha tofauti huonekana mtu anapoutazama mtaji ambao kinu kinao na usafirishaji hauna. Kinu kinatumia milioni 4,000 zaidi na kupata faida ya milioni 650 zaidi, sawa na asilimia 16.25 ya mtaji huo wa nyongeza. Kiwango hicho kiko chini ya asilimia 25 za usafirishaji, ndiyo maana uwiano hukiona kinu kuwa dhaifu, lakini kiko juu ya asilimia 12 ambazo mtaji unagharimu, ndiyo maana faida baki hukiweka mbele. Laiti gharama ya mtaji ingekuwa asilimia 17, usafirishaji ungebakiwa na milioni 80 na kinu milioni 50, na vipimo vyote viwili vingekubaliana, kwa kuwa asilimia 16.25 ndiyo mpaka wa mgongano wao.

Madhara makubwa zaidi ya uwiano hujitokeza katika maamuzi ya meneja. Meneja wa usafirishaji akipata nafasi ya kununua malori ya milioni 200 yatakayoleta faida ya milioni 36 kwa mwaka, kampuni nzima itanufaika, kwani mradi unalipa asilimia 18 kwa mtaji unaogharimu asilimia 12. Hata hivyo uwiano wa kitengo chake utashuka kutoka asilimia 25 hadi takriban 23.8, na ikiwa bonasi yake imefungwa kwenye uwiano huo, ataukataa mradi, na wa kulaumiwa atakuwa aliyechagua kipimo. Kwa faida baki mradi huohuo unamwongezea milioni 12, kwa hiyo maslahi yake na ya kampuni yanakwenda pamoja.

Kwa kuongoza maamuzi, basi, faida baki ni bora, ingawa katika kupanga nafasi ina upungufu wake: kitengo kikubwa huelekea kushinda kwa ukubwa tu, na ni haki zaidi kulinganisha faida baki ya kila kitengo na lengo lake lililowekwa kwenye bajeti kuliko kuilinganisha na ya jirani. Aidha, vipimo vyote viwili hudanganywa na uchakavu, kwa sababu thamani ya malori vitabuni hupunguzwa kila mwaka. Mtaji wa usafirishaji ukishuka vitabuni kutoka milioni 1,000 hadi 800 huku faida ikibaki milioni 250, uwiano unapanda hadi asilimia 31.25 na faida baki hadi milioni 154, ingawa meneja hakufanya jambo lolote jipya. Dalili ya udanganyifu huo ni vipimo kupanda mwaka hata mwaka wakati mauzo na faida vimesimama palepale, na anayetaka kuikwepa hali hiyo huuhesabu mtaji kwa bei ya awali ya ununuzi au kwa gharama ya kununua mali kama hiyo leo.