Faili moja, ruhusa tatu

Mgonjwa akifika kwenye zahanati inayotumia kompyuta, faili lake hupitia mikono kadhaa. Mhudumu wa mapokezi huandika jina, umri na namba ya simu. Muuguzi hupima joto, uzito na shinikizo la damu, kisha huingiza vipimo hivyo. Daktari husoma yote, akaandika ugonjwa na dawa. Kila mmoja anahitaji sehemu ya faili, wala si mapokezi pa kusoma majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi.

Msimamizi wa mfumo angeweza kumpa kila mtumishi ruhusa zake moja moja. Lakini watumishi 12 na ruhusa 20 ni maamuzi 240, na kosa likiingia humo si rahisi kulibaini. Mwaka 1992, David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walichapisha maelezo rasmi ya njia nyepesi zaidi: ruhusa hupewa wadhifa, na mtu huwekwa kwenye wadhifa. Wadhifa wa Mapokezi unasajili wagonjwa na kuona miadi. Uuguzi unaandika vipimo na kusoma dawa zilizoagizwa. Udaktari unaandika ugonjwa na kuagiza dawa. Muuguzi mpya akiajiriwa, msimamizi anamweka kwenye Uuguzi tu, na ruhusa zote zinazomhusu zinamfuata.

Hatari kubwa huja mtu anapohamishwa. Tuseme muuguzi amepelekwa mapokezi kwa kudumu. Msimamizi anamwongezea wadhifa wa Mapokezi ili aanze kazi asubuhi ileile, lakini anasahau kumwondolea Uuguzi. Hakuna kitakachokwama, hivyo hakuna atakayelalamika. Miezi inapita, naye bado anaweza kusoma na kubadilisha vipimo vya wagonjwa asiowahudumia. Dawa ya hili ni kuchapisha orodha ya akaunti na nyadhifa zake, tuseme kila baada ya miezi 3, na kuilinganisha na orodha ya zamu. Akaunti yenye nyadhifa mbili iulizwe sababu, na ya mtu aliyeacha kazi ifungwe.

Hata nyadhifa zikipangwa vizuri, zenyewe hazimtambui mgonjwa. Wadhifa wa Udaktari unaweza kumruhusu daktari kufungua faili la jirani yake ambaye hamtibu. Kumfungia kabisa kunaweza kugharimu maisha siku ya dharura, kwa hiyo mfumo unapaswa kuandika nani alifungua faili gani na saa ngapi, na mtu mwingine aipitie kumbukumbu hiyo.

Kumbukumbu hiyo haitasaidia iwapo daktari amempa muuguzi neno lake la siri ili kazi iende haraka. Mfumo utaandika jina la daktari kwa kila alichofanya muuguzi, na dawa ikiandikwa kimakosa, hakuna atakayejua aliyeiandika. Basi muuguzi akiwa kila mara anahitaji akaunti ya daktari ili amalize kazi yake halali, ruhusa iliyopungua iongezwe kwenye Uuguzi.