Mfuko wa Dharura wa Familia: Hesabu Iende Kikaoni Kwanza

Ndugu anapolazwa usiku, pesa husakwa kwa simu. Huyu anatuma elfu kumi, yule anaomba asubiriwe mwisho wa mwezi, na mzigo humwangukia yule yule mwenye mshahara. Anayetaka familia yake iwe na mfuko aende kikaoni na hesabu iliyokamilika. Tuchukue familia ya Kitanzania yenye wachangiaji 12. Hotuba yake ingekuwa hivi:

“Shikamooni wazee wetu. Kaka, dada na wadogo zangu, habari za siku nyingi? Napendekeza tuchange kila mwezi, kila mtu kwa kadiri ya kipato chake. Wenye ajira tuko watano. Tukitoa shilingi 20,000 kila mmoja, tunapata 100,000. Wakulima na wenye biashara ndogo wako wanne. Kwa 10,000 kila mmoja ni 40,000. Vijana watatu watoe 5,000, yaani 15,000. Jumla ni 155,000 kwa mwezi, na 1,860,000 kwa mwaka. Mkulima akipenda, alipe 120,000 zake zote baada ya mavuno. Babu na bibi hawachangi, ila mfuko utawahudumia. Dharura ziwe tatu: kulazwa hospitali, msiba, na ajali au moto. Ada na harusi zina vikao vyake. Tukio moja lisizidi 300,000, na miezi mitatu ya kwanza tusitoe kitu. Naomba mnishauri.”

Sharti la mwisho ndilo litakalopingwa zaidi, nalo ndilo linaloushika mfuko. Ile milioni 1.86 haipo Januari. Hukusanyika kidogo kidogo. Kila mtu akilipa mwezi kwa mwezi, mwisho wa Februari kuna 310,000 tu. Mgonjwa mmoja akichukua 300,000, zinabaki 10,000, na msiba wa wiki inayofuata unakuta mfuko mtupu. Hapo ndipo watu huacha kuchanga. Wakisubiri hadi mwisho wa Machi, kuna 465,000. Tukio la kwanza linaacha 165,000, na mchango wa Aprili unazifikisha 320,000, zinazotosha tukio jingine. Kwa kiwango hicho, mfuko unamudu matukio sita kwa mwaka na kubakiza 60,000.

Malimbikizo nayo huumiza haraka. Wenye ajira wawili wakiruka miezi mitatu, zinapungua 120,000, sawa na mchango wa mwaka mzima wa vijana wawili. Kwa hiyo kila tarehe 5 mweka hazina aweke kwenye kundi la familia majina ya waliolipa pamoja na salio, hata kama mwezi huo hakuna kilichotoka. Pesa zikae kwenye akaunti ya pamoja, zitolewe kwa idhini ya wawili kati ya watatu waliochaguliwa, wasiotoka nyumba moja. Salio lililotangazwa lisipolingana na taarifa ya benki, au mtu akisema amekopa “kwa muda tu”, kikao kiitwe wiki hiyo hiyo, kabla tofauti haijawa deni lisilolipika.