Runinga Imefika na Ufa: Jibu la Siku ya Kwanza

Jumatatu tarehe 4, saa kumi jioni, ujumbe unaingia kwenye simu ya ofisi ya mizigo ya kampuni moja ya mabasi jijini Dar es Salaam. Mteja yuko Mwanza. Amepokea runinga ya inchi 43 aliyotumiwa kutoka duka la Kariakoo, amefungua boksi nyumbani na kukuta kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Ametuma picha mbili pamoja na risiti ya mzigo, na anataka alipwe. Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa kaunta ya mizigo anaifahamu runinga hiyo.

Karani ana majibu mawili yaliyo tayari mdomoni. La kwanza: "Samahani sana mama, vijana wetu wameiharibu, utalipwa." La pili: "Soma nyuma ya risiti, kampuni haihusiki na vitu vinavyovunjika." Moja lina huruma, jingine lina ukali, ila kosa lake ni moja: yote mawili ni hukumu, na bado hakuna aliyechunguza chochote. Huenda runinga ilipasuka ndani ya buti. Huenda ilitoka dukani ikiwa hivyo, au iligongwa kwenye bodaboda kutoka stendi ya Nyegezi kwenda nyumbani. Jumatatu jioni hakuna anayejua.

Kinachotakiwa siku hiyo ni jibu la tatu, na liwe limefika kwa mteja kabla ya saa kumi jioni ya Jumanne. ISO 10002, kiwango cha kimataifa kinachohusu namna ya kushughulikia malalamiko, kinataka mlalamikaji ajulishwe mara moja kwamba lalamiko lake limepokelewa. Lakini sababu kubwa ya haraka hiyo imo kwenye mzigo wenyewe. Kamera za ulinzi za stoo hurekodi juu ya picha za zamani diski inapojaa, na usipotenga picha za siku ya kupakia mapema, zitafutika zenyewe bila mtu kugusa kitu. Konda na dereva watakuwa wamepakia mizigo mingine mingi, na kumbukumbu ya boksi moja itawatoka. Na nyumbani Mwanza, boksi na yale maboya ya kuzuia mshtuko yatatupwa au watoto watayachezea. Bila boksi, ni vigumu mno kueleza kioo kiligongwa upande gani na kwa nguvu ipi. Kwa hiyo kumwomba mteja atunze boksi ni sentensi yenye thamani kuliko nyingine yoyote katika jibu la kwanza, na nimeona ikisahaulika katika barua nyingi ambazo vinginevyo zimeandikwa vizuri.

Kwa nini basi kampuni isikiri tu, kama njia ya uungwana? Kwanza, huo si uungwana kama si kweli: kesho ikibainika kwamba runinga ilipokewa ikiwa na ufa, kampuni italazimika kurudi nyuma na mteja atajiona amechezewa. Pili, kama kampuni ina bima ya mizigo, mikataba mingi ya bima inamkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni ya bima haijaridhia. Ujumbe mmoja wa karani mwenye moyo mwema unaweza kuzua ubishi juu ya fidia ambayo ingelipwa. Tatu, katika sheria ya ushahidi, kauli ya kukiri inaweza kutumika dhidi ya aliyeitoa shauri likifika mahakamani.

Ujumbe wenyewe unaweza kusomeka hivi:

"Ndugu mteja, salaam. Tumepokea lalamiko lako la Jumatatu tarehe 4, saa 10:00 jioni. Kwa maelezo yako, runinga ya inchi 43 uliyopokea Mwanza imekutwa na ufa kwenye kioo. Tumesikitika kusikia hivyo, na tunaelewa ulikuwa unaihitaji. Namba ya lalamiko lako ni 118. Bado hatujajua ufa ulitokea wapi, na hatua zetu ni hizi: leo tunatenga picha za kamera za siku ya kupakia, Jumatano tutachukua maelezo ya dereva na konda, Alhamisi fundi atakuja kwako Mwanza kukagua runinga na boksi, kwa gharama yetu, Ijumaa tutawasiliana na duka lililotuma. Tafadhali tunza boksi na vyote vilivyokuwa ndani, na usiipeleke runinga kwa fundi mwingine kabla ya Alhamisi. Utapata jibu letu kwa maandishi Jumatatu tarehe 11, kabla ya saa 6:00 mchana. Anayeshughulikia ni msimamizi wa mizigo. Jina na namba yake ya simu viko hapa chini."

Angalia namna maneno yalivyopimwa. "Tumesikitika kusikia" ni pole ya kweli, na haisemi nani kaharibu. "Kwa maelezo yako" inarudia alichosema mteja bila kukikubali wala kukitilia shaka. Ukiandika "kama unavyodai" mahali hapo, umeshamwita mwongo. Hakuna pia "tutakulipa ikithibitika", kwa sababu ahadi yenye sharti huwa inasomwa nusu tu, na nusu inayobaki kichwani ni "tutakulipa".

Tarehe 11 haikutolewa hewani. Msimamizi ametafuta hatua moja itakayochelewa kuliko zote, ambayo hapa ni kulipata neno la duka siku ya Ijumaa, akahesabu mbele kutoka hapo na kuacha nafasi ya kusoma maelezo na kuandika. Biashara nyingi hufanya kinyume: huahidi siku 2 ili mteja atulie, halafu hukaa kimya. Mteja anayepiga simu katikati kuuliza "mmefikia wapi?" anakuonyesha kwamba tarehe haikueleweka, au haaminiki tena. Fundi akiugua Alhamisi, ujumbe wa pili utoke siku hiyo hiyo, useme ni hatua ipi imekwama na tarehe mpya ni ipi. Usisubiri tarehe 11 ndipo uombe radhi.

Jambo jingine la kuangalia ni nani anachunguza. Aliyepakia mzigo atoe maelezo, ila asiwe yeye wa kuamua. Katika ofisi ya watu 3 hili ni gumu, na hapo mwenye kampuni ndiye anayepaswa kutazama picha za kamera mwenyewe.

Utaratibu huu pia una mipaka yake. Kama mteja ametozwa nauli mara mbili na miamala yote miwili inaonekana kwenye mfumo, mrudishie pesa yake papo hapo na umwombe radhi waziwazi. Kumwandikia hatua 4 za uchunguzi ni kumzungusha. Na kama lalamiko linahusu hatari, tuseme mtungi wa gesi unaovuja au chakula kilichougusha watu, uuzaji unasimamishwa kwanza, barua inafuata.

Tarehe 11 inapofika, jibu linaweza kuwa la aina tatu. Picha zikionyesha boksi limelazwa chini ya mifuko ya saruji, kampuni sasa inakiri, inaomba radhi na kutaja kiasi na siku ya kulipa. Zikionyesha boksi lilipokewa likiwa limebonyea, na karani akaliandika hivyo kwenye risiti, mteja anapewa nakala ili akazungumze na duka. La tatu ndilo gumu kuliandika: ushahidi hautoshi. Hapo barua inaeleza nini kilitazamwa na nini hakikupatikana, kisha kampuni, ikipenda, inaahidi kuchangia gharama za kioo kipya na kuandika wazi kwamba mchango huo si kukiri kosa. Mteja ana haki ya kuukataa na kupeleka shauri lake mbele, na barua hiyo hiyo imwambie aanzie wapi.