Barua Inayofungua Jalada

Leseni ya biashara nchini Tanzania hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa, na mfanyabiashara ambaye hakuna kilichobadilika kwake huihuisha bila maneno mengi. Leseni za kundi B, wanazokata wenye maduka wengi wa mitaani, hutolewa na halmashauri, na siku hizi maombi hupitia mfumo wa TAUSI: unajaza taarifa, unapata namba ya malipo, unalipa. Barua inahitajika pale karatasi za ofisini zinapoacha kufanana na hali ya dukani. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa barua zao hueleza shida bila kumwonyesha ofisa pa kuanzia kutafuta.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Mbeya. Leseni yake ilitolewa tarehe 14 Machi 2024, kwa hiyo inakwisha tarehe 13 Machi 2025. Januari alihamia fremu nyingine. Leseni hutolewa kwa biashara fulani katika mahali fulani, haimfuati mwenyewe kila aendako, hivyo aliandika kuomba anwani ibadilishwe. Ofisi ikamjibu ikitaka mkataba mpya wa pango, naye akaupeleka. Tangu hapo kimya. Sasa ni Februari, anataka kuhuisha leseni ambayo bado ina anwani ya zamani.

Akiandika kwamba “nilishaleta barua mwezi uliopita”, mtu wa masjala hana la kushika. Barua ya serikali huhifadhiwa kwenye jalada, na kila barua iliyomo kwenye jalada hupewa namba yake, inayoitwa folio. Ndiyo maana barua ya ofisi huwa na Kumb. Na. juu, mlolongo wa herufi na tarakimu unaotenganishwa kwa mikwaju. Kwa kawaida sehemu za mbele hutaja jalada, na tarakimu ya mwisho hutaja folio. Ukiunakili mlolongo huo wote bila kuacha hata nukta, karani huenda moja kwa moja kwenye barua hiyo. Ukiacha ile tarakimu ya mwisho, unamwachia jalada zima alipekue.

Baada ya anwani, tarehe na “YAH: MAOMBI YA KUHUISHA LESENI YA BIASHARA” pamoja na namba ya leseni, aya ya kwanza ya mama huyu ingesomeka hivi:

“Tafadhali rejea leseni iliyotajwa hapo juu, iliyotolewa tarehe 14 Machi 2024 na inayoisha tarehe 13 Machi 2025. Rejea pia barua yangu ya tarehe 6 Januari 2025 ya kuomba kubadili anwani ya biashara, iliyopokelewa ofisini kwako tarehe 8 Januari 2025, na barua yako ya majibu ya tarehe 22 Januari 2025. Mkataba wa pango ulioagizwa niliuwasilisha tarehe 29 Januari 2025.”

Kumb. Na. ya barua ya majibu huandikwa papo hapo kando ya tarehe yake. Nyaraka zimepangwa kwa mfuatano wa matukio, na kila moja imetajwa ilihusu nini. Barua ya Januari ina tarehe mbili kwa makusudi: iliyoandikwa juu yake na iliyo kwenye muhuri wa mapokezi. Daftari la masjala hufuata ya muhuri. Mwezi umeandikwa kwa herufi, maana 6/1 mwingine anaweza kuisoma kuwa Juni mosi.

Aya ya pili hubeba ombi, nalo ni moja: leseni ihuishwe kwa anwani mpya. Malalamiko ya kucheleweshwa nisingeyaweka hapa hata kidogo. Tarehe zenyewe zimekwisha kuonyesha kwamba mwombaji alitimiza alichoagizwa. Kisha vinatajwa viambatisho, vyote nakala: leseni inayokwisha, stakabadhi ya malipo yake, barua zote mbili, mkataba wa pango, cheti cha TIN na cha uthibitisho wa kutodaiwa kodi kutoka TRA.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika namba ya stakabadhi mahali pa namba ya leseni, kwa kuwa karatasi hizo huhifadhiwa pamoja. Lingine ni jina. Leseni ikisema jina la biashara lililosajiliwa BRELA na mkataba wa pango ukisema jina la mwenye duka, sentensi moja ieleze kwamba huyo ndiye mmiliki, na nakala ya cheti cha usajili iambatanishwe.

Barua ipelekwe na nakala ya pili, igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na nakala hiyo irudi dukani. Muhuri huo unathibitisha kwamba ombi lilifika kabla ya tarehe 13 Machi, jambo zito endapo itadaiwa faini ya kuchelewa. Hata hivyo hauwi leseni. Ikifika tarehe 14 jibu halijatoka, mama huyu anapaswa kumfuata Ofisa Biashara na nakala yake mkononi, maana mkaguzi akipita dukani ataomba leseni yenyewe.